Simu ya Karani na Njia ya Kampuni

Katika biashara ya uwakala wa forodha, ambayo makarani wake hushinda bandarini na kwa wateja kuliko ofisini, simu ya mkononi ndiyo daftari, na aghalabu simu hiyo ni milki ya karani mwenyewe. Mwajiri ataka nyaraka zake zipite katika njia iliyofichwa, yaani VPN, hadi kwenye seva ya kampuni. Karani naye, kwa haki kabisa, hapendi mazungumzo ya nyumbani kwake yapite humo. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 matakwa hayo mawili yaweza kukaa katika chombo kimoja kwa kile kiitwacho wasifu wa kazini, ambao programu zake hutambulikana kwa alama ndogo ya mkoba.

Kila programu ndani ya Android hupewa nambari yake, na zile za wasifu wa kazini hupewa nambari za fungu jingine. Hivyo simu, kabla ya kuchagua njia, hutazama nambari ya programu inayotuma. VPN iliyowekwa ndani ya wasifu haina mamlaka juu ya programu zilizo nje yake, na kampuni yaweza kuibana zaidi kwa kuorodhesha programu chache tu zitakazoitumia.

Katika orodha hiyo ndimo taksiri inamozaliwa. Tuchukue, mathalan, kampuni iliyoorodhesha barua pepe na programu ya nyaraka za mizigo, ikadhani yatosha. Karani afungua ile ya nyaraka, nayo yampeleka kwenye Chrome ya kazini ili aandike neno lake la siri, katika ukurasa ambao hupatikana ndani ya mtandao wa kampuni peke yake. Chrome, maadamu haikuorodheshwa, hutoka kwa mtandao wa kawaida, isilione jina la seva, na kioo huandika `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`. Karani husumbua ofisi abadilishiwe neno la siri, hali neno halina kosa: alama ya ufunguo ipo juu ya kioo, barua zaingia, na kilichokwama ni mlango wa kuingilia tu. Dawa ni kuiongeza Chrome ya kazini katika orodha, na kuijaribu orodha nzima kwa simu moja, tangu kuingia hadi kutoka, kabla ya kuwapelekea wote.

Kwa Tanzania liko pia suala la sheria, kwani Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya mwisho wa mwezi huo.

Na liko la fedha. Njia hutengwa, lakini kifurushi ni kimoja: kila waraka upitao katika njia ya kampuni hula data aliyoinunua karani, na VPN huongeza uzito wake juu. Mwajiri asiyenunua simu hana budi, kwa maoni yangu, kulipia sehemu ya kifurushi, tena kwa kiwango kilichoandikwa katika mkataba.