Skrini Inapokosa Jibu Kuhusu Tenki

Siku ya kukabidhi mfumo mpya wa udhibiti kwenye kituo cha kusafisha maji, fundi aliyeufunga hupewa saa mbili au tatu za kuzungumza na maopereta. Wengi wetu tunaofanya kazi hii huzimaliza kwa kufungua kurasa za skrini moja moja: hii ya vichujio, hii ya klorini, hii ya pampu. Maopereta wanaitikia, wanatia saini karatasi ya mahudhurio, soda zinaletwa. Halafu usiku mmoja pampu zote zinasimama, simu ya meneja inaita, na aliye zamu anajua kurasa zote ila hajui aanzie wapi.

Mimi naona mazungumzo hayo yaanze na hitilafu, tena ya kutengenezwa makusudi mbele ya maopereta, mchana, kwa ruhusa ya msimamizi na wakati tenki la mlimani limejaa ili mji usikose maji. Ninayoipendelea ni ndogo sana: kuchomoa waya mmoja wa kipimakina cha tenki la maji safi.

Tuchukue kituo cha kawaida cha mji wa wastani. Maji yaliyokwisha kuchujwa hukusanyika kwenye tenki la chini lenye kina cha mita 4, na kutoka hapo pampu mbili kubwa, P-101 na P-102, huyasukuma hadi tenki la mlimani. Kipimakina LT-101 hutuma habari kwa kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya kabati la umeme, kwa mkondo mdogo kwenye waya. Tenki likiwa tupu mkondo ni miliampia 4, likijaa ni 20, likiwa nusu ni 12. Kuna sababu ya kutoanzia sifuri. Tenki tupu likituma 4, basi sifuri inabaki na maana yake peke yake: waya umekatika, au kifaa kimekosa umeme.

Sasa tuchomoe waya. Kidhibiti kisichopangwa vizuri hupiga hesabu yake ile ile: sifuri toa 4, gawanya kwa 16, zidisha kwa mita 4. Jibu ni mita -1.00, na opereta yeyote atacheka, maana hakuna tenki lenye kina cha chini ya sakafu. Kibaya zaidi ni pale fundi alipoona aibu kuonyesha namba hasi akaizuia isishuke chini ya 0.00. Hapo skrini inasema tenki ni tupu, kwa sura ile ile ambayo ingesema kama kweli lingekuwa tupu. Kwenye skrini mpya, mkondo ukishuka chini ya miliampia 3.6 namba inafutika kabisa, mahali pake panatokea alama ya kuuliza na neno BAD. Hilo neno halisemi tenki ni tupu, wala halisemi limejaa. Linasema kidhibiti hakijui.

Kwa kuwa hakijui, kinazisimamisha pampu. Maopereta huwa wanalalamika hapa: kwa nini kizisimamishe wakati maji yapo? Jibu ni kwamba pampu ikizunguka bila maji, sili yake, ambayo hupozwa na maji yale yale, huungua kwa muda mfupi. Mji unaweza kuvumilia saa moja ya kutopampu kwa kuwa tenki la mlimani lina akiba. Sili iliyoungua huenda ikakusubirisha majuma.

Kinachofuata ndicho kinachowachanganya watu. Ndani ya sekunde chache orodha ya kengele inajaa. Kwanza LT-101 imepoteza mawimbi. Kisha P-101 imesimamishwa, P-102 imesimamishwa, presha ya bomba la kutoka imeshuka, mtiririko umeshuka, na mwisho pampu ya klorini ya nyongeza imesimama kwa sababu hakuna maji yanayopita ya kutiliwa dawa. Kengele sita, chanzo kimoja. Orodha huweka mpya juu, kwa hiyo ya kwanza kusomwa ni ya klorini, na nimeona mtu mwangalifu kabisa akitoka mbio kwenda chumba cha klorini, ambako kila kitu ni kizima. Ndiyo maana kwenye mfumo mpya kengele iliyotangulia kwenye mlolongo huwekewa namba 1 ndani ya mraba, na alama hiyo haiondoki hadi mtu abonyeze RESET. Tafuta mraba huo kabla ya kunyanyuka kwenye kiti.

Wingi wa kengele umewahi kuchangia msiba mkubwa. Tarehe 24 Julai 1994, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, mitambo iliyovurugwa na dhoruba ya radi ilihangaika kwa takriban saa tano kabla ya kulipuka. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho maopereta wawili walipokea kengele 275. Ulikuta pia kwamba vali moja ilikuwa imefungwa huku mfumo wa udhibiti ukiionyesha kuwa wazi. Hakuna binadamu anayesoma kengele 25 kwa dakika. Anachofanya ni kubonyeza ili kelele ziishe.

Kubonyeza huko kuna kitufe chake, ACK, na kazi yake ni moja tu: kusema “nimeiona”. Kelele inanyamaza, mwako wa taa unatulia, lakini pampu haitengenezwi na ACK. RESET ni jambo jingine. Hiyo inakiambia kidhibiti kwamba chanzo kimekwisha na kufuli inaweza kufunguliwa. Pale pampu iliposimama kwa sababu mota imevuta umeme kupita kiasi, kila RESET ni jaribio la kuwasha mota ambayo tayari ina joto, na kila uwashaji wa mota kubwa huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Utaratibu ninaouacha ukutani ni huu: tazama kwa macho, gusa beringi uone kama si za moto kupita kawaida, subiri ipoe, RESET moja. Ikitripu tena, iache, mwite fundi umeme. Anayejaribu mara ya tatu na ya nne ndiye anayempelekea fundi mota yenye harufu ya vanishi.

Turudi kwenye tenki letu. Opereta ameona mraba wenye namba 1 uko kwenye LT-101, ameona BAD. Hatua inayofuata haipo kwenye skrini. Ni kwenda tenkini na tochi na fimbo ya kupimia, wawili wakiwezekana, mmoja akibaki juu ya mfuniko. Tuseme fimbo inaonyesha mita 2.5. Maji yapo, kifaa ndicho kimekosa. Anampigia msimamizi wa zamu, na msimamizi akikubali, pampu moja inaendeshwa kwa mkono.

Hapa sharti kila mtu asikilize. Kwenye paneli iliyo karibu na pampu kuna swichi yenye nafasi tatu: LOCAL, OFF, REMOTE. Ukiiweka LOCAL umekiondoa kidhibiti kwenye uamuzi. Ulinzi wote ulioandikwa kwenye programu, kama kuzuia pampu isiwake kwa presha mbaya au vali ikiwa katika hali isiyofaa, haupo tena. Unaobaki ni ule wa nyaya: rilei ya mota, floti ya tenki inayokata umeme maji yakifika mita 0.5, na kitufe chekundu cha dharura. Kwa hiyo wewe ndiye unayefunga vali ya kutokea kwanza, unawasha, kisha unaifungua taratibu ili maji yasipige bomba kwa kishindo. Na usiiache pampu ikizunguka muda mrefu vali ikiwa imefungwa, maana maji yaliyomo ndani yatachemka.

Halafu hesabu. Tenki letu lina sakafu ya mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Pampu moja hutoa mita za ujazo 300 kwa saa. Ikiwa hakuna maji yanayoingia kabisa, kina kitashuka mita moja kila saa, na kutoka 2.5 hadi floti ni saa mbili. Kwa kawaida maji yanaingia, hivyo kushuka kutakuwa polepole zaidi, lakini panga kwa hali mbaya: pima kwa fimbo kila dakika 15 na andika. Ikiwa kati ya vipimo viwili kina kimepungua zaidi ya sentimita 25, kuna kitu ambacho hukukihesabu. Huenda ni vali ya kuoshea vichujio iliyoachwa wazi, huenda pampu ya pili nayo inazunguka. Simamisha, utafute.

Kuna hatari moja inayokuja wakati kila mtu anadhani mambo yamekwisha. Fundi anarudisha waya, namba inarudi kwenye skrini, na pampu iliyoachwa REMOTE katika hali ya AUTO inaweza kuwaka yenyewe papo hapo. Mfumo huu umepangwa usubiri RESET kwanza, ila yeyote aliyepo chumba cha udhibiti anaweza kuibonyeza bila kujua kwamba mwenzake anafungua kifuniko cha kapulingi. Anayegusa pampu huzima breka yake, huweka kufuli yake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. OFF ya skrini si kinga.

Kuhusu rangi sitasema mengi, ingawa ndizo huulizwa kwanza. “Fundi, mbona skrini imefifia hivi?” Imefifia kwa makusudi. Kijivu ni hali ya kawaida, na nyekundu na njano zimewekewa kengele tu. Zamani kijani ilikuwa pampu inayozunguka, nyekundu iliyosimama, lakini waliotoka kwenye vituo vya umeme walizoea kinyume chake: nyekundu ni swichi iliyofungwa na umeme unapita. Sasa pampu inayozunguka ni nyeupe na ina neno RUN, hivyo hata asiyetofautisha nyekundu na kijani anasoma.

Kitu cha kutazama kila unapoketi ni saa iliyo pembeni juu, ambayo sekunde zake hutoka kwenye kidhibiti chenyewe. Sekunde zikisimama, namba zote unazoziona ni za wakati ule zilipoganda. Pampu hazijasimama kwa sababu hiyo; kidhibiti kinaendelea na kazi bila skrini. Usizime kabati la umeme kwa kudhani unawasha upya kompyuta. Nenda kwenye paneli za pampu usome geji, halafu piga simu.

Na ukinipigia, “mfumo umegoma” hainisaidii. Niambie saa ngapi, kengele ipi ina mraba, swichi ya pampu iko wapi, na umeshabonyeza nini. Piga picha orodha ya kengele kwa simu yako kabla ya kubonyeza RESET, kwa sababu RESET inaufuta ule mraba, na baada ya hapo mimi na wewe tutabaki kukisia ipi ilitangulia.