Makadirio ya rola za wolpepa

Makadirio ya rola za wolpepa ni hesabu ya kujua idadi ya rola za karatasi ya ukutani zinazohitajika kwa chumba kimoja. Wolpepa ni karatasi, au karatasi iliyopakwa plastiki, yenye rangi au nakshi, ambayo hubandikwa ukutani kwa gundi badala ya kupaka rangi. Huuzwa kwa rola nzima na si kwa mita, kwa hiyo anayepungukiwa na kipande kimoja hulazimika kununua rola nyingine.

Hesabu hii ina uzito zaidi kwa mtu aliye mbali na duka. Mkazi wa Murukulazo, mkoani Kagera, anayeagiza wolpepa kutoka Mwanza au Dar es Salaam hawezi kurudi dukani jioni kuongeza rola moja. Na hata akiipata wiki zijazo, huenda isifanane na zile za kwanza. Rola huchapishwa kwa matoleo, na kila toleo lina namba yake kwenye lebo. Wino wa toleo moja na la pili hutofautiana kidogo, tofauti ambayo haionekani rola zikiwa mkononi lakini huonekana wazi vipande viwili vikikaa bega kwa bega ukutani. Ndiyo sababu rola zote za chumba hununuliwa mara moja, zenye namba moja ya toleo.

Kwa nini eneo halitoshi

Mwanafunzi aliyejifunza hesabu za eneo atapima kuta, atatoa mlango na dirisha, kisha atagawanya kwa eneo la rola moja. Njia hii ni sahihi kwa rangi ya kopo, kwa sababu rangi inayobaki kwenye ukuta mmoja hupakwa kwenye ukuta mwingine. Wolpepa haimiminiki. Hukatwa mikanda mirefu inayoanzia juu darini hadi chini sakafuni, na kipande kinachobaki mwishoni mwa rola kikiwa kifupi kuliko ukuta hakiwezi kuwa mkanda, hata kama eneo lake ni kubwa. Kuunga vipande viwili katikati ya ukuta huacha mstari unaoonekana hata na mgeni aliyekaa upande wa pili wa chumba.

Kwa hiyo kinachohesabiwa ni mikanda. Maswali ni mawili tu: chumba kinahitaji mikanda mingapi, na rola moja inatoa mikanda mingapi?

Mfano wa chumba

Tuchukue sebule ya nyumba ya matofali ya kuchoma iliyopigwa lipu, yenye urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6. Kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.7. Kuna mlango mmoja wenye upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 2.1, na dirisha moja lenye upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2, linaloanzia mita 0.9 juu ya sakafu. Rola iliyochaguliwa ni ya kipimo kinachopatikana zaidi madukani: upana sentimita 53, urefu mita 10.05.

Kwa njia ya eneo, kuta zote ni mita za mraba 42.12. Tukitoa mlango na dirisha zinabaki 38.43. Rola moja ina mita za mraba 5.33 hivi, na jibu la kugawanya ni 7.2. Mnunuzi atachukua rola 8 na kuamini kwamba ana akiba.

Sasa tuhesabu mikanda. Ukuta wa mita 4.2 unahitaji mikanda 8 ya sentimita 53, na ukuta wa mita 3.6 unahitaji 7. Kuta nne zinahitaji mikanda 30. Mlangoni mkanda mmoja unaweza kuangukia wote ndani ya upana wa mlango, na dirishani mikanda miwili. Hiyo mitatu haihitaji kuwa mirefu, kwani inajaza tu sehemu ya juu ya mlango na sehemu za juu na chini ya dirisha. Inabaki mikanda 27 mirefu. Idadi inayoangukia kwenye uwazi hutegemea mahali mkanda wa kwanza ulipoanzia, kwa hiyo ni vizuri kutia alama za penseli ukutani kila sentimita 53 kabla ya kununua, badala ya kubahatisha.

Kila mkanda mrefu hukatwa sentimita 280, yaani kimo cha ukuta na ziada ya sentimita 5 juu na 5 chini. Ziada hiyo si ubadhirifu. Ni mara chache dari na sakafu kuwa sambamba kabisa, na bila ziada mkanda utafika pembeni ukiwa umepungua kwa kidole kimoja. Katika rola ya mita 10.05 hutoka mikanda 3 na kinabaki kipande cha mita 1.65. Mikanda 27 kwa 3 ni rola 9. Aliyenunua 8 atakuwa na mikanda 24, na karibu mita 1.6 ya ukuta itabaki wazi.

Yale mabaki ya mita 1.65, ambayo kwa hesabu ya eneo yalihesabiwa kama mikanda, yanapata kazi juu ya mlango na kuzunguka dirisha. Juu ya mlango panahitajika sentimita 65 pamoja na ziada. Dirishani panahitajika sentimita 65 juu na 95 chini, jumla sentimita 160. Masalio ya rola moja yanatosha kwa mkanda mmoja wa dirisha, na sentimita 5 zinabaki. Hayo yote ni kweli ikiwa karatasi haina nakshi ya kulinganisha.

Nakshi inapoingia

Nakshi ya maua au majani hujirudia kila baada ya urefu fulani, na urefu huo huitwa marudio. Lebo ya rola huuonyesha kwa mishale na namba. Mshale mmoja pamoja na sifuri humaanisha hakuna cha kulinganisha. Mishale miwili inayotazamana kwa usawa humaanisha nakshi ya mkanda mmoja inakutana na ya jirani yake kwa kimo kilekile. Mishale ikipishana, mkanda wa pili unashuka, na namba kama 64/32 husema kwamba marudio ni sentimita 64 na mkanda jirani hushuka sentimita 32.

Tuseme mteja wa sebule ile amependa maua yenye marudio ya sentimita 64, ya kukutana kwa usawa. Kila mkanda sasa lazima uanzie mahali palepale pa ua. Sentimita 280 zina marudio manne na ziada, kwa hiyo mkanda unaofuata hauwezi kuanza hadi marudio ya tano yakamilike, kwenye sentimita 320. Kati ya mkanda na mkanda hutupwa sentimita 40. Mikanda mitatu bado inapatikana, na mtu anaweza kudhani hakuna kilichoharibika kwa kuwa rola zimebaki 9.

Hasara imejificha kwenye masalio. Mkanda wa tatu unaishia sentimita 920, na kinabaki kipande cha sentimita 85. Kipande hicho kinaonekana kinatosha juu ya mlango, ambako panahitajika 65. Lakini ua la kuanzia linarudi kwenye sentimita 960, na kutoka hapo hadi mwisho wa rola ni sentimita 45 tu. Ukikibandika kuanzia mwanzo wake, maua yaliyo juu ya mlango hayataungana na ya pembeni. Chini ya dirisha ndiko hakuna njia kabisa, kwani 85 ni pungufu ya 95. Hivyo inahitajika rola ya 10 kwa ajili ya sehemu hizo fupi tu.

Nakshi ya kupishana

Mafundi wengi huamini kwamba nakshi ya kupishana hula karatasi zaidi. Mara nyingine ni kweli, lakini si kanuni. Kwa chumba hiki hiki, tukitumia karatasi ya 64/32, mkanda wa pili unatakiwa uanzie nusu ya marudio. Marudio manne na nusu ni sentimita 288, ambazo zinazidi 280 kwa sentimita 8 tu. Kwa hiyo mkanda wa pili unakatwa karibu mara moja baada ya wa kwanza, na wa tatu vivyo hivyo. Kinachotupwa kati ya mikanda kinashuka kutoka sentimita 40 hadi 8, na mwisho wa rola kinabaki kipande cha zaidi ya mita moja ambacho kinaweza kulinganishwa juu ya mlango na dirishani. Rola 9 zinatosha.

Sharti ni kwamba mikanda ikatwe kwa zamu: wa kwanza, kisha wa kupishana, kisha wa kwanza tena. Anayekata mikanda yote ya rola kwa mwanzo mmoja anarudi kwenye hasara ya sentimita 40. Na ni vizuri kila mkanda uandikwe namba nyuma, pamoja na mshale wa upande wa juu, maana maua mengi yakigeuzwa chini juu hayajulikani hadi gundi imekauka.

Upana wa rola na kimo cha ukuta

Zipo pia rola zenye upana wa sentimita 106 na urefu uleule wa mita 10.05. Viungo vinapungua kwa nusu, jambo linalopendeza. Lakini mlango wa sentimita 90 ni mwembamba kuliko mkanda wenyewe, kwa hiyo hauokoi mkanda wowote. Sebule yetu itahitaji mikanda 15, au rola 5, ambazo ni sawa na rola 10 nyembamba hata kwa karatasi isiyo na nakshi. Kadiri mkanda unavyokuwa mpana, ndivyo kila kona na kila uwazi unavyotupa zaidi.

Kimo kinaweza kugeuza hesabu ghafla. Mikanda mitatu hutoka kwenye rola iwapo kila mmoja hauzidi sentimita 335, yaani ukuta usiozidi mita 3.25. Ukuta ukiwa wa mita 3.3, rola inatoa mikanda 2 tu, na mikanda 27 inahitaji rola 14 badala ya 9, kwa tofauti ya sentimita 5. Kwa sababu hiyo kimo hupimwa sehemu kadhaa za kila ukuta, na kinachotumika ni kirefu kuliko vyote.

Kona nazo hudanganya. Mkanda unaofika konani haukunjwi wote kwenda upande wa pili. Hukatwa ukavuka kona kwa sentimita 1 au 2, kisha kipande kilichobaki huanzishwa upya kwa timazi, kwani kona nyingi hazijanyooka. Ukuta ukihesabiwa peke yake, kama ilivyofanyika hapo juu, hasara hiyo imekwisha kuingizwa.

Kabla ya kufungua rola zote, fundi hukata rola ya kwanza peke yake na kuhesabu. Ikiwa imetoa mikanda miwili mahali ilipotarajiwa mitatu, makadirio yote yana kosa, na bado kuna rola nzima ambazo duka linaweza kukubali kubadilisha.