Kusawazisha Kabla au Baada
Kila tabaka la transfoma, muundo unaobeba modeli za lugha, hufanya hesabu F na kuijumlisha na ingizo lake, x. Muundo wa mwaka 2017 ulisawazisha namba baada ya kujumlisha:

```
x = LayerNorm(x + F(x))
```

Mafunzo yanapoanza, masahihisho karibu na tabaka la mwisho huwa makubwa mno. Kwa hiyo kasi ya kujifunza ilipandishwa polepole kwa hatua 4,000. Ikianza juu, kosa mara nyingi hugoma kushuka. GPT-2, mwaka 2019, ilisawazisha kabla:

```
x = x + F(LayerNorm(x))
```

Hapa x hupanda bila kuguswa, na masahihisho hurudi chini kwa njia hiyohiyo, hivyo mafunzo hutulia hata matabaka yakiwa mengi. Lakini x huzidi kukua, na mchango wa matabaka ya juu hufifia.