Kuba juu ya ukumbi wa mraba: kazi iko kwenye pembe

Anayechora jengo lenye kuba kwa programu kama Blender hukutana na tatizo la waashi wa kale: ukumbi una pembe nne, kuba ni duara. Ukilitua moja kwa moja juu ya kuta, litagusa katikati ya kila ukuta tu, na pembe zote nne zitabaki wazi.

Waliojenga Hagia Sofia ya Istanbul, iliyokamilika mwaka 537, waliziba pembe hizo kwa pembetatu nne zilizopinda. Kila moja huanza na ncha kwenye pembe ya ukumbi, hupanuka ikipanda na kuinamia ndani, mpaka zote nne zikutane na kufanya duara. Umbo hili halibuniwi kwa jicho. Pembetatu zote hukatwa kutoka tufe moja, ambalo kipenyo chake ni sawa na ulalo wa mraba.

Tuchukue ukumbi wa mita 10 kwa 10. Ulalo wake ni mita 14.142, basi nusukipenyo cha tufe ni 7.071. Weka `UV Sphere` ya kipimo hicho, kitovu kikiwa usawa wa pale matao ya kuta yanapoanzia, kisha ufute nusu ya chini. Kata pande nne kwa `Bisect`, mita 5 kutoka kitovuni. Kila mkato utaacha tao la nusu duara. Hatimaye futa yote yaliyo juu ya mita 5. Mdomo unaobaki una nusukipenyo cha mita 5, na kuba la kipimo hicho litaukaa sawasawa.

Idadi ya vigawanyo nayo ina maana. Ukiweka `Segments` 64 na `Rings` 32, mstari mmoja wa tufe huangukia hasa kwenye mita 5, hivyo unafuta bila kukata.

Kati ya mdomo huo na kuba nasimamisha ukuta wa mviringo wa mita 2, wenye madirisha 16. Kutoboa madirisha kwenye ukuta uliokwisha pinda huacha vipande vyembamba vinavyotia madoa meusi kwenye mwanga. Ni afadhali kuchora utepe bapa wa mita 31.416, kila dirisha likichukua vigawanyo vinne: viwili uwazi, kimoja nguzo kila upande. Ukishachora matao, upinde utepe nyuzi 360 kwa `Simple Deform`, uunganishe ncha zake, na unene uongezwe mwisho kwa `Solidify`.

Kabla ya unene, ukiunganisha ukuta huo na mdomo kwa `Merge by Distance`, programu itatangaza nukta ngapi zimeondolewa. Jibu sahihi ni 64. Zikipungua, mara nyingi utepe umezunguka kidogo, na nukta zake zimeangukia katikati ya zile za chini.