Bei ya Jumla Isiyozua Maswali

“Jumla kuanzia pisi 12, bei maelewano.” Mwenye duka akisoma tangazo kama hilo hawezi kupiga hesabu yoyote. Hajui bidhaa zimefungwaje, wala akichukua nyingi atapunguziwa kiasi gani, kwa hiyo anapita kwa muuzaji mwingine.

Tuchukue mfano wa mtu anayefungasha masala ya chai. Aanze na ufungashaji, maana bei zote zinasimama hapo: pakiti ya gramu 50, pakiti 12 kwa dazeni, dazeni 6 kwa katoni, yaani pakiti 72. Neno “boksi” aachane nalo. Kwa mmoja boksi ni dazeni, kwa mwingine ni katoni nzima, na ugomvi huja mzigo ukishafika dukani.

Oda ya chini itokane na gharama ya kupeleka mzigo. Tuseme kila katoni ina faida ya shilingi 15,000, na bajaji inalipwa 12,000 kwa safari. Akipeleka katoni moja anabaki na 3,000, akipeleka mbili anabaki na 18,000. Basi aandike “kuanzia katoni 2”, na aeleze kama mteja anaruhusiwa kuchanganya aina za masala ndani ya oda hiyo.

Kwenye ngazi za bei ndiko wengi hujikwaa. Katoni 2 hadi 4 ziwe 72,000 kila moja, na 5 hadi 9 ziwe 68,400. Kuanzia 10, muuzaji akitaka kuvutia anaweza kuandika 60,000. Hapo ameharibu: katoni 9 ni 615,600, ilhali 10 ni 600,000. Hakuna atakayenunua 9, na katoni ya kumi ameigawa bure na 15,600 juu yake. Akiandika 66,240, katoni 10 zinafika 662,400, na mnunuzi bado anaona pakiti moja imeshuka kutoka 950 hadi 920. Kila ngazi ipimwe hivyo pale mpakani, na tangazo liseme wazi kwamba bei ya ngazi ni ya katoni zote, si zile zilizozidi tu.

Mwisho ni muda wa kupata mzigo mpya. “Siku 5” haitoshi, kwa sababu haisemi zinahesabiwa tangu lini. “Siku 5 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, tangu malipo yapokelewe” inaeleweka. Duka lakini halifungi wikendi: siku hizo 5 kwake ni 7. Likiuza dazeni moja kwa siku, linahitaji dazeni 7 za kulivusha, na katoni ina 6 tu. Mwenye duka anayesubiri afungue katoni ya mwisho ndipo aagize, siku moja atakuwa na rafu tupu. Kwa hiyo chini ya muda huo muuzaji aongeze mstari mmoja: “Ukiuza dazeni moja kwa siku, agiza ukibakiwa na dazeni 7.”