Tangazo lililotoka ";kutqno zq zq;q;q"

Juma hili katibu wetu aliandika tangazo akitazama karatasi tu. Kwenye kioo ikatoka:

```
;kutqno zq zq;q;q sqq (
```

Kompyuta haikuharibika. Vidole vyake vilizoea klavie ya Kifaransa, AZERTY, lakini kompyuta iliwekwa kwa ile ya Kiingereza, QWERTY. Tukabadilisha: q ni a, z ni w, ; ni m, ( ni 9. Ndipo tukasoma: mkutano wa wamama saa 9.

Bonyeza Windows pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, mpaka FRA itokee pembeni chini. Yaliyokwisha kuandikwa hayajirekebishi, yaandike upya. Neno la siri likikataliwa, angalia hilo kwanza, maana nukta huficha kosa.