Kigae Kinapovunjika

Kipande cha kigae kimelazwa juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyoachana milimita 200. Chuma cha tatu kinakikandamiza katikati. Hukioni kikipinda. Ghafla, kwaa! Ufa umeanzia chini, upande unaovutwa, kwani kigae huhimili kubanwa kuliko kuvutwa.

Mashine imesoma nyutoni 640. Upana wa kipande ni milimita 100, unene 8. Moduli ya mvunjiko hupatikana kwa 3FL/(2bd²), yaani 3 × 640 × 200, gawanya kwa 2 × 100 × 8 × 8. Jibu: nyutoni 30 kwa kila milimita mraba.

Mtego uko kwenye unene, maana unazidishwa kwa wenyewe. Ukikosea ukaandika 7.5, jibu linaruka hadi 34. Ndiyo maana unene hupimwa pale pale palipovunjika.